Sambusa 400 na maji kwenye kifuniko cha hotipoti

Sambusa zilitoka jikoni kwangu zikiwa nzuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonisumbua akili wiki nzima. Nilizikaanga mwenyewe. Nilionja ya kwanza, nikaonja ya katikati, nikaonja ya mwisho, na zote zilikuwa kavu, zinalia zikitafunwa. Nilianza saa saba usiku, na adhana ya alfajiri ilinikuta namalizia karai la mwisho. Zote 400 nikazipanga kwenye hotipoti nne kubwa, nikafunika sawasawa ili zifike za moto, nikajinyoosha kidogo. Saa nne na robo asubuhi simu ikaita kutoka kwenye shughuli. Dada aliyeniagiza hakunigombeza. Aliniambia tu, "Hebu njoo uzione mwenyewe."

Nilifungua hotipoti ya kwanza mbele yake. Kifuniko kilipoinuka kikatiririsha maji. Sambusa za juu zilikuwa zimenywea, ngozi imekunjamana kama kidole kilichokaa sana majini. Za chini zilikuwa zimegandana, ukiivuta moja inaondoka na manda ya mwenzake. Tulizifungua zote nne palepale, na zote zilikuwa vilevile. Wageni walikuwa wameshakaa kwenye mkeka.

Tulikuwa tumekubaliana shilingi 500 kwa sambusa, yaani 200,000 kwa zote, na nilikuwa nimeshapokea 120,000 za kutangulia. Zile 80,000 zilizobaki sikuzidai, na nilimrudishia 40,000 kwa sababu alilazimika kutuma mtu akanunue vitafunwa vingine haraka. Nikabakiwa na 80,000 mkononi. Nyama, mafuta, unga, vitunguu na gesi vilikuwa vimenila kama 130,000. Kwa hiyo nilipoteza 50,000 na usiku mzima wa usingizi, lakini kilichoniuma zaidi ni ule mkeka. Niliuona hata nikifumba macho.

Nilikwenda kwa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, anayeishi Ngamiani hapa Tanga na ambaye kila Ramadhani huuza sambusa za futari mlangoni kwake. Nilimbebea nne katika zile zilizoharibika. Alimega moja, akaifungua kama kitabu, akaipitisha kidole ndani. Nikaanza kulaumu hotipoti.

"Hotipoti ina makosa yake," akasema, "lakini maji haya hayakutoka kwenye hotipoti, mwanangu. Uliyatia wewe. Kitunguu ulikipika na nyama?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Ukakunja nyama ikiwa na uvuguvugu?"

Nilikaa kimya, na hapo akapata jibu lake.

Tangu siku hiyo nimekaanga sambusa nyingi sana, na karibu kila kosa nililokutana nalo limerudi kwenye swali moja: maji yaliyomo ndani ya sambusa hii yako wapi sasa, na yatatokea wapi? Sambusa iliyotoka kwenye mafuta ina ganda kavu nje na nyama yenye unyevu ndani. Kuanzia dakika ile unyevu unasafiri kutoka kwenye nyama kwenda kwenye ganda. Ukiwa mwingi, ganda linalowa kutokea ndani. Ukitoka kama mvuke ukakuta kifuniko, unageuka maji na kudondoka, ganda linalowa kutokea nje. Zangu zililowa pande zote mbili.

Basi nianze na nyama, maana ndipo kazi inapoharibikia.

Kwa sambusa 400 natumia kilo 6 za nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi. Zamani nilikuwa naikaanga kwa mafuta pamoja na vitunguu na chumvi, vyote kwa mara moja, na naepua nikiona imebadilika rangi. Siku hizi naipika kilo mbili mbili, kwenye sufuria pana, bila mafuta na bila tone la maji. Natia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili mbichi, pilipili manga, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, chumvi, na ndimu. Mwiko hautoki mkononi, kwa sababu nyama ya kusaga ikiachwa inajifunga mabonge, na bonge moja likiingia kwenye sambusa linaitoboa.

Mwanzoni nyama itatoa maji yake yenyewe na kuanza kuchemka ndani yake. Wengi huepua hapa, kwa sababu tayari haina wekundu. Usiepue. Sikiliza sufuria. Sauti ya kutokota itapungua, kisha itageuka na kuwa mchachatiko mkavu, na hapo ndipo maji yameisha na nyama inaanza kugusana na mafuta yake yenyewe. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia uliyoichora ikibaki wazi bila mchuzi kurudi, imekauka. Kilo 6 mbichi zitakuwa zimeshuka hadi kilo 4 na kidogo. Zile kilo mbili hivi zilizopotea, nyingi yake ni maji ambayo yangeingia kwenye manda.

Halafu naimwaga kwenye masinia na kuitandaza nyembamba. Ikibaki sufuriani, katikati inakaa na moto saa nyingi, na hilo lina ubaya mara mbili: inaendelea kutoa mvuke, na kwa joto letu la pwani nyama iliyokaa na uvuguvugu muda mrefu ni hatari kwa mlaji. Kwenye sinia inapoa upesi. Ikishapoa, inakwenda kwenye friji hadi wakati wa kukunja.

Kitunguu ndicho kilichonishangaza. Kitunguu maji hakikuitwa hivyo bure. Katika gramu 100 zake, karibu 90 ni maji. Mama Mkubwa hakipiki kabisa. Anakikatakata kidogokidogo, anakifunga kwenye kitambaa safi cha pamba na kukikamua kwa mikono miwili, kisha anakichanganya kibichi na nyama iliyokwisha kupoa, pamoja na kotimiri iliyooshwa na kukaushwa. Kinaivia ndani ya sambusa wakati wa kukaanga na kinabaki na utamu wake na ule mkatiko kidogo. Siku ya kwanza nilipokikamua cha kilo 3 nilipata zaidi ya glasi moja ya maji, nikakaa nayaangalia kwenye bakuli. Onyo moja: chumvi yote iwe kwenye nyama, isiwekwe kwenye kitunguu, maana chumvi hukivuta maji. Hata kwenye nyama yenye chumvi, kitunguu kikikaa muda mrefu kitaanza kuchuruzika. Kwa hiyo sichanganyi vyote pamoja. Nachanganya mjazo wa sambusa 100, nakunja, ndipo nachanganya mwingine. Kabla sijaanza kukunja nafinya konzi moja ya mjazo: kiganja kikibaki na unyevu unaong'aa, nakikamua kitunguu kingine zaidi au naongeza nyama kavu.

Sasa manda. Zinauzwa tayari, na kama una mtu unayemwamini hakuna aibu kununua. Mimi nazitengeneza kwa sababu za dukani mara nyingi nazikuta zimekauka pembeni, na manda iliyokauka inapasuka ikikunjwa.

Kilo moja ya unga wa ngano, maji ya uvuguvugu kama nusu lita na kidogo, vijiko viwili vya chai vya chumvi, vijiko vinne vya chakula vya mafuta. Unga uwe mgumu kiasi kuliko wa chapati. Nilikosea hapa mara ya kwanza, nikaukanda laini kama wa chapati, na manda zikawa na unyevu mwingi zikatoka malengelenge kwenye mafuta. Ukande vizuri, ufunike, uupumzishe saa nzima. Usipopumzika, ukiusukuma unajirudi, na utamaliza nguvu za mabega bila kupata wembamba.

Kata madonge madogo, kama gramu 40 kila moja. Yasukume kila moja liwe na ukubwa wa kisosi. Pakaa mafuta usoni, nyunyiza unga mkavu, weka lingine juu, pakaa, nyunyiza, hadi manne. La juu kabisa halipakwi. Mafuta yafike mpaka ukingoni, kwa sababu ukingo usiopakwa ndiyo unaogandana na kuchanika. Kisha sukuma rundo zima kwa pamoja hadi liwe pana kama chapati kubwa. Weka kwenye chuma cha chapati kikavu, moto mdogo. Hupiki, unakausha tu. Sekunde 20 au 30 upande mmoja, rangi ya kijivu inageuka kuwa nyeupe na ukingo unaanza kuinuka, unageuza, na wakati upande wa chini unapata moto wake unabandua wa juu. Ukichelewa kuzibandua zikapoa zinashikana. Ukizipitiliza motoni zikapata madoa ya kahawia, hazitakunjika.

Nakata kila duara vipande vinne. Kilo moja ya unga kwa hesabu hiyo inanipa manda zipatazo 150, kwa hiyo kwa sambusa 400 nakanda kilo 3 na ninabaki na za akiba kwa zitakazochanika. Nazifunga kwenye kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa naironi. Nilipoambiwa nizifunike kwa kitambaa kibichi niliwahi kutumia kinachodondosha, nikapoteza manda 60 zilizogeuka kuwa ubao wa gundi. Kama kitambaa kitalowanishwa, kikamuliwe hadi kisitoe hata tone.

Jambo jingine nililoambiwa na Mama Mkubwa akiwa amesimama nyuma yangu: "Pangusa unga." Ule unga mkavu uliotumika kusukumia unabaki kwenye manda. Ukiingia nao kwenye karai unazama chini, unaungua, mafuta yanakuwa meusi na kutoa povu, na sambusa za mwisho zinatoka na madoa na uchungu. Napitisha kitambaa kikavu kwenye kila manda kabla ya kukunja. Inachukua muda, lakini mafuta yale yale yananifikisha hadi sambusa ya mwisho.

Kukunja nitaeleza taratibu, maana kosa lake halionekani hadi mafutani. Kipande chako ni robo duara: kina kingo mbili zilizonyooka na moja ya mviringo. Gundi ni unga na maji, nzito kama uji mzito wa mtoto. Pakaa gundi kwenye ukingo mmoja ulionyooka, kutoka pembeni hadi kwenye ncha kabisa. Lete ukingo wa pili juu yake hadi upate koni, na upande mmoja uulalie mwingine kwa upana wa kidole. Bana. Sasa, kabla hujatia nyama, inua koni hiyo kuelekea dirishani na uchungulie ndani. Ukiona nuru kwenye ncha, hata ya ukubwa wa kichwa cha sindano, ile sambusa itakunywa mafuta. Ifungue, ongeza gundi, kunja upya, ukiikaza zaidi ile ncha. Mimi siku ile ya kwanza sikuchungulia hata moja. Nilikuwa nakimbizana na saa.

Tia mjazo kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 17, uache upana wa vidole viwili juu. Sukuma nyama kwa kidole ishuke, isibaki hewa, kisha pakaa gundi kwenye ule ukingo wa mviringo, ufunike na ubane hadi pembe zote mbili. Mjazo mwingi hauifanyi sambusa kuwa bora. Unaipasua, na ikipasuka nyama inamwagika kwenye karai na kuwachafulia wenzake.

Watu wawili wenye mikono iliyozoea tunakunja 400 kwa saa tano hivi. Nasema hivi kwa sababu kosa langu jingine lilikuwa kudhani naweza kukunja na kukaanga usiku mmoja nikiwa peke yangu. Nilipoona saa zinaniacha nikaanza kukunja nyama ambayo haijapoa. Mvuke wa nyama ya moto unailainisha manda kabla hata haijaona mafuta.

Siku hizi nakunja siku mbili au tatu kabla, na naziweka kwenye friza zikiwa mbichi. Nazitandaza kwenye sinia lililonyunyizwa unga kidogo, zisigusane, hadi ziwe ngumu kama jiwe, ndipo nazitia kwenye mifuko na kuitoa hewa. Ukizitia mfukoni kabla hazijaganda, utatoa bonge moja. Na siku ya kukaanga haziyeyushwi. Sambusa iliyoganda ikiachwa mezani inavuta umande, manda inalowa, inashika meza, inachanika. Inatoka kwenye friza na kuingia kwenye karai, baada ya kukung'utwa chembe za barafu, maana barafu kwenye mafuta ya moto hurusha na kuunguza mikono. Kama umeme umekatika muda mrefu na ukazikuta zimelainika zenyewe, usizigandishe tena. Zikiwa bado na ubaridi mkali wa friji, kaanga siku hiyo hiyo. Zikiwa zimepoteza ubaridi na hujui tangu lini, zitupe. Niliwahi kutupa 120 kwa sababu hiyo. Nililia kidogo, lakini sikumpa mtu.

Tukija kwenye mafuta, kwa muda mrefu niliamini moto mkali ndio unaokausha. Ni kinyume chake. Mafuta yakiwa makali sana, nje inapata rangi ya dhahabu kwa dakika mbili na unaiepua ukidhani imeiva, kumbe tabaka la manda la ndani, hasa pale kwenye mikunjo ambako manda zimelaliana, bado ni bichi na lina maji. Baada ya nusu saa maji yale yanatoka nje na ganda linalegea. Utazijua sambusa hizo: zinatoka na malengelenge mengi, rangi ina mabaka, na ukimega kwenye kona unakuta unga mweupe unaovutika.

Nilinunua kipimajoto cha jikoni, na naona ndicho kifaa kilichonilipa zaidi. Naanza mafuta yakiwa nyuzi 170. Nikitia sambusa zilizoganda yanashuka hadi 155 au 150, kisha nayapandisha polepole na kuyashikilia kwenye 160 hadi 165. Zinachukua dakika 8 hadi 10. Kwa sambusa zisizoganda dakika 6 au 7 zinatosha. Kama huna kipimajoto, dondosha kipande cha manda: kikizama, kikakaa kidogo chini, kikapanda taratibu na mapovu madogo, mafuta yako tayari. Kikiibuka papo hapo na kuanza kubadilika rangi, punguza moto usubiri. Kikilala chini bila mapovu, ongeza, kwa sababu sambusa itakayoingia hapo itakunywa mafuta na utaikamua kama sifongo.

Na usijaze karai. Karai langu linachukua lita 4 za mafuta, na nafasi ya sambusa 30 ipo, lakini zilizoganda natia 15 tu. Ukitia 30 mafuta yanapoa chini ya nyuzi 140 na hayarudi upesi, sambusa zinakaa zinaloweka. Hapo nawaomba mpige hesabu kabla ya kupokea kazi. Sambusa 400 kwa 15 ni makarai 27. Kila moja dakika 10, na dakika mbili za mafuta kupata tena moto. Hiyo ni zaidi ya saa tano kwa karai moja. Kwa hiyo siku hizi nawasha makarai mawili, na kazi inakwisha kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Siku ile ya mkosi nilikuwa na moja, nikalijaza, nikauwasha moto mkali ili kufidia.

Utajuaje imeiva bila kuhesabu dakika? Angalia mapovu. Mwanzoni ni makubwa na yana kelele, hayo ni maji yanatoka. Yanapopungua na kuwa madogo, na kelele ikashuka ikawa kama mvua nyepesi juu ya bati, maji mengi ya ganda yameondoka. Rangi iwe ya dhahabu iliyokolea. Mama Mkubwa ana kipimo chake: anaitoa moja kwa kijiko cha matundu, anaigonga kwa ukucha. Ikilia "ka, ka" anaepua zote. Ikitoa sauti ya kuzibika anairudisha. Nilidhani ni mazoea tu ya wazee hadi nilipojaribu mwenyewe na kumega kila niliyoigonga. Ukucha haukukosea.

Sasa tumefika kwenye kile kilichonipoteza, yaani saa baada ya karai.

Sambusa ikitoka, isilazwe kwenye sinia lenye karatasi na kurundikiwa wenzake. Upande unaolala unakalia mvuke wake na mafuta yake. Nazisimamisha kwa ncha au kwa ubavu kwenye wavu wa chuma uliowekwa juu ya sinia, hewa ipite chini. Anayekosa wavu atumie chujio kubwa au ungo, azipange bila kuzilundika. Zinakaa hapo dakika 15 hivi, hadi ukipitisha kiganja juu yake husikii unyevu wa mvuke. Ni hapo tu zinapofungwa.

Hotipoti sitii tena sambusa, labda ikiwa wazi kabisa. Imetengenezwa kuzuia joto lisitoke, na kwa kuzuia joto inazuia na mvuke. Kwa wali ni vizuri. Kwa kitu kinachotakiwa kukauka ni kifo. Natumia katoni safi zenye matundu ubavuni, nimetandika karatasi isiyo na maandishi, sambusa zimesimama ubavu kwa ubavu, tabaka moja, mawili mwisho, na karatasi kati yake. Juu nafunika karatasi au kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi, sio naironi.

Lakini hata katoni ina mpaka wake. Hewa ya Tanga ina unyevu, na ganda kavu huuvuta. Kwa majaribio yangu, sambusa iliyokaangwa kama nilivyoeleza inabaki kavu saa mbili kwenye katoni, na saa ya tatu inaanza kulegea kwenye ncha. Na kwa kuwa ndani ni nyama, siridhiki ikae kwenye hewa ya kawaida zaidi ya saa mbili hata kama ganda bado linalia, na siku ya jua kali naihesabu saa moja.

Kinachonipa saa zaidi ni oveni. Naiwasha nyuzi 90 hadi 100, sambusa zikiwa kwenye wavu, na mlango nauachia upenyo kwa kubana kijiko cha mti ili mvuke utoke. Joto hilo linaiweka nyama kwenye hali salama na wakati huohuo linaendelea kulikausha ganda. Nimeziweka humo saa tatu na zikatoka vizuri kabisa. Ukizidisha hapo nyama inaanza kuwa kavu mno na kona zinakuwa ngumu za kuumiza ufizi. Asiye na oveni, ambaye ndiye mimi wa mwaka ule, apange kukaanga karibu na saa ya kula na kuhamia na karai lake kwenye shughuli. Mteja akisema "leta saa nne", muulize wageni wanakula saa ngapi, kwa sababu mara nyingi ni saa sita.

Na zikishalegea zinaweza kuokolewa kama hazijapitisha muda wake: oveni nyuzi 170 kwa dakika 8 hadi 10, au zirudi kwenye mafuta ya nyuzi 180 kwa dakika moja na nusu, kisha wavu. Zikilowa kama zangu zilivyolowa, zimeshikana na kuchanika, hakuna cha kuokoa.

Miezi minne baadaye yule dada aliyeniita nije nizione mwenyewe alinipigia tena. Mdogo wake alikuwa anaolewa, na alitaka sambusa 400. Nilimwambia nitakuja kukaangia hapo hapo uani, na kwamba nitahitaji kivuli, meza mbili na nafasi ya makarai mawili. Sambusa zilifika zikiwa zimeganda ndani ya boksi la barafu. Mama Mkubwa naye alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu na karai la pili, hakukaanga, aligonga tu kwa ukucha. Zilizotangulia zilipelekwa wageni walipoanza kuketi, na tuliendelea kukaanga wakati wanakula. Dada alipita na sinia mkononi, akachukua moja kwenye wavu, akaimega karibu na sikio lake, akaondoka nayo kuelekea ukumbini akiwa bado anatafuna.